Slaidi hazisomeki kutoka nyuma: namna ya kuandika barua ya kuomba projekta ipangwe upya

Barua nyingi za walimu kuhusu projekta zina sentensi moja tu ya maana: "Projekta ya darasa letu haionyeshi vizuri, tunaomba itengenezwe." Uongozi unamtuma fundi. Fundi anafika darasa likiwa tupu, anaiwasha projekta, anasimama chini yake, anaona picha imetokea ukutani, kisha anaandika kwenye daftari lake kwamba kifaa kinafanya kazi. Hakudanganya. Kifaa kinafanya kazi kweli, ila kimepangwa vibaya, na ubaya huo hauonekani mpaka ukae dawati la mwisho na kujaribu kusoma.

Kwa hiyo barua inayofanikiwa inamwezesha msomaji wake kuliona tatizo pale pale unapoliona wewe, na inataja kitu gani kibadilishwe. Hilo linahitaji kazi kidogo kabla ya kushika kalamu. Kazi yenyewe inamalizika katika kipindi kimoja cha jioni, kwa kutumia rula, futi ya kupimia na simu.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ni maabara ya kemia yenye projekta iliyofungwa darini. Skrini ya ukutani ina upana wa mita 2, na dawati la mwisho liko mita 8 kutoka kwenye skrini. Rimoti inatunzwa ofisini na menyu ya projekta imefungwa kwa namba ya siri, hivyo mwalimu hana ruhusa ya kubadilisha chochote. Wanafunzi wa nyuma hawatofautishi CO na CO₂ kwenye slaidi, na katika kemia hiyo ni tofauti kati ya gesi yenye sumu kali na gesi tunayoitoa tukipumua. Mwalimu wa somo hilo ana kila sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa uzito.

Hatua ya kwanza: maliza kwanza yaliyo mikononi mwako

Ukiomba marekebisho ambayo ungeweza kuyafanya mwenyewe kwenye kompyuta yako, barua yako inapoteza nguvu siku fundi atakapokuja. Anza na kompyuta.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P. Utaona machaguo manne, na mengi ya matatizo ya picha yanaanzia kwenye `Duplicate`. Chaguo hilo huonyesha kitu kile kile kwenye kioo cha kompyuta na ukutani, hivyo Windows hulazimika kutafuta kipimo cha picha kinachokubalika pande zote mbili, na mara nyingi kipimo hicho si kile kinachoifaa projekta. Chagua `Extend`. Sasa kompyuta inabaki na kipimo chake na projekta inapewa chake.

Kisha fungua `Settings`, `System`, `Display`, chagua kioo cha pili (yaani projekta), na utazame orodha ya `Display resolution`. Hapa unatafuta jambo moja tu: je, kipimo halisi cha projekta kimo kwenye orodha? Kila projekta ina idadi yake ya pikseli isiyobadilika. Imeandikwa kwenye kitabu chake, na mara nyingi inapatikana pia ukitafuta namba ya modeli iliyobandikwa ubavuni. Vipimo vinavyokutwa sana madarasani ni 1024×768, 1280×800 na 1920×1080. Projekta ya mfano wetu ni ya 1280×800. Ukipeleka kipimo kingine chochote, projekta inalazimika kuivuta au kuibana picha ili iingie kwenye pikseli zake, na hapo kingo za herufi zinalegea.

Kama kipimo sahihi kimo kwenye orodha, kichague, na huenda barua isihitajike tena. Katika maabara yetu hakimo. Orodha inaishia 1024×768. Andika hilo kwenye karatasi, kwa sababu ni ushahidi mzito kuliko unavyodhani, na tutalirudia.

Hatua ya pili: tengeneza slaidi ya kupimia

Tengeneza slaidi moja nyeupe yenye maandishi meusi. Weka mistari mitano ya maneno yale yale kwa ukubwa wa pointi 16, 20, 24, 28 na 32, na kila mstari uwe na fomula yenye namba ndogo za chini. Zungushia slaidi yote fremu nyembamba inayogusa kingo, na katikati chora duara kamili. Slaidi hii itakuambia mambo mengi kabla hujauliza mtu.

Duara likionekana kama yai, uwiano wa upana na urefu umekosewa. Upande wa fremu ukikosekana, picha inakatwa pembeni. Fremu ikiwa pana chini na nyembamba juu, projekta iliyo darini imeinamishwa. Fremu ikiwa imenyooka kabisa huku projekta ukiiona kwa macho kwamba imeinama, basi kuna mtu alitumia marekebisho ya kielektroniki kuficha mwinamo huo, na hili ni baya zaidi kuliko linavyoonekana.

Acha projekta iwake kwa dakika 20 hivi kabla ya kuhukumu ukali wa picha, kwa sababu lenzi hubadilika kidogo inapopata joto. Baada ya hapo sogea mpaka hatua moja kutoka kwenye skrini, utazame herufi moja. Ukiona vijimraba vidogo vya pikseli vimekaa wazi, vimetenganishwa na mistari myembamba, lenzi imelengwa vizuri. Kama vijimraba viko wazi na bado herufi yenyewe ina ukungu wa kijivu pembeni, kosa haliko kwenye lenzi. Picha iliharibika kabla ya kufika kwenye lenzi. Jaribio hili dogo ndilo ninaloliamini kuliko yote, maana linamzuia fundi kuzungusha pete ya lenzi, kusema "nimeshafokasi" na kuondoka. Angalia pia pembe zote nne. Pembe moja ikiwa kali na ya upande wa pili ikiwa na ukungu, projekta haijaelekezwa sawasawa na ukuta.

Hatua ya tatu: pima kwa rula, kisha uwaulize macho ya wanafunzi

Kanuni ninayoitumia ni rahisi kukumbuka: herufi kubwa, mfano H, iwe na urefu wa sentimita 1 kwa kila mita 2 za umbali. Kwa dawati lililo mita 8, herufi iwe na sentimita 4. Jicho zima linaweza kutambua herufi ndogo kuliko hiyo, hata ya karibu sentimita 1.2 kutoka mita 8, lakini hapo mtu anasoma kama anavyosoma ubao wa daktari wa macho, kwa kukaza macho. Mwanafunzi anatakiwa asome huku anasikiliza na kuandika. Nafasi hiyo ya ziada inawabeba pia wale ambao macho yao si mazuri sana na hawajawahi kupimwa.

Weka rula ukutani upime H ya kila mstari. Katika maabara yetu, H ya pointi 24 ilikuwa na sentimita 2.9.

Sasa tafuta sababu ya udogo huo. Pima upana na urefu wa slaidi ilivyo ukutani. Tulipata upana wa sentimita 167 na urefu wa sentimita 94, kwenye skrini ya sentimita 200. Mabaki ya sentimita 33 yamegawanyika kuwa mikanda miwili myeusi kushoto na kulia, na kuna mikanda mingine juu na chini. Hesabu inaeleweka mara moja: projekta inapokea picha ya 1024×768, ambayo ina uwiano wa 4:3, kwa hiyo inaacha pembeni za skrini tupu. Ndani ya picha hiyo kuna slaidi ya 16:9, nayo inaacha juu na chini tupu. Kama projekta ingepokea 1280×800, slaidi ile ile ingejaa upana wote wa sentimita 200 na kuwa na urefu wa sentimita 112. Kwa sasa darasa linatumia takribani asilimia 70 tu ya eneo la slaidi ambalo projekta hiyo hiyo, pale pale ilipofungwa, ina uwezo wa kulionyesha.

Kipimo hiki ndicho kitakachomgusa mkuu wa shule. Hakuna anayependa kusikia kwamba kifaa kilicholipiwa kinatumika kwa sehemu.

Baada ya rula, fanya jaribio moja na wanafunzi wa safu ya mwisho. Andika ubaoni kwa mkono wako maneno machache yenye herufi za sentimita 3, kisha waonyeshe mstari wa slaidi wenye herufi za karibu urefu huo huo. Hesabu wangapi wanasoma kila kimoja bila kukaza macho. Kwetu walikaa wanafunzi 6. Wote walisoma ubao, na 2 tu walisoma slaidi. Jaribio hili linajibu mapema hoja ambayo huletwa mara kwa mara, kwamba labda watoto wana matatizo ya macho. Macho ni yale yale, umbali ni ule ule, na urefu wa herufi unakaribiana. Kilichobadilika ni picha. Usiandike majina ya wanafunzi kwenye barua, idadi inatosha.

Hatua ya nne: tenganisha vyanzo

Picha isiyosomeka huwa na chanzo zaidi ya kimoja, na kila chanzo kina dawa yake. Katika maabara yetu vilikuwa vitatu.

Cha kwanza ni kipimo cha picha, na hapa ndipo ule ushahidi wa orodha unapofanya kazi. Projekta inapounganishwa, huitajia kompyuta vipimo inavyovikubali. Kama kipimo chake halisi hakimo kwenye orodha, kuna kitu katikati kinachozuia au kupotosha ujumbe huo. Chukua kebo ya HDMI na, kwa ruhusa ya anayehusika, unganisha kompyuta moja kwa moja na projekta bila kupitia tundu la ukutani. Kwetu 1280×800 ilitokea papo hapo. Basi mkosaji alikuwa splita ya zamani iliyofichwa ndani ya kabati la mwalimu, inayogawa picha kati ya projekta na kioo cha mezani, ambayo hutangaza 1024×768 kwa kila kompyuta inayounganishwa. Kama projekta iko juu na huifikii ukiwa umesimama sakafuni, usipande juu ya meza. Andika tu kwamba kipimo hakimo kwenye orodha na umwachie fundi jaribio hilo.

Cha pili ni `Keystone`. Hii ni huduma ya projekta ya kuinyoosha picha iliyokuwa pana upande mmoja kwa sababu ya mwinamo. Inafanya hivyo kwa kuubana ule upande mpana, maana yake safu za pikseli zinatupwa na zilizobaki zinachanganywa. Vichwa vya habari vikubwa havidhuriki sana. Namba ndogo ya 2 kwenye CO₂, ambayo ina pikseli chache tu kwa urefu, inayeyuka. Dawa ni kurudisha thamani kuwa 0 na kuinyoosha projekta yenyewe kwenye mkono ulioishika, mpaka uso wake ulingane na ukuta. Projekta nyingi zimeundwa kutupa picha juu kidogo ya lenzi, na zikifungwa kichwa chini darini hutupa picha chini kidogo, kwa hiyo hazihitaji kuinamishwa kama watu wanavyodhani. Na kama mkono hauwezi kurekebishwa, mimi ningechagua fremu iliyopinda kidogo yenye herufi kali kuliko fremu iliyonyooka yenye herufi za ukungu. Wanafunzi husoma maandishi, hawasomi fremu.

Cha tatu ni mwanga. Projekta haiwezi kurusha rangi nyeusi. Nyeusi unayoiona ni ukuta wenyewe, ukiwa na mwanga wowote ulioangukia pale. Taa ya darini ikimulika skrini, nyeusi inageuka kijivu na herufi zinazama ndani ya karatasi yake. Unaweza kupima hili kwa programu ya simu inayosoma mwanga. Simu haitakupa thamani sahihi kama kifaa cha fundi, lakini uwiano wa vipimo viwili vya simu ile ile, mahali pale pale, unatosha kwa kazi hii. Weka simu katikati ya skrini, uso wake ukielekea projekta. Soma ukiwa umeonyesha slaidi nyeupe tupu, kisha slaidi nyeusi tupu.

Kwetu, taa zote zikiwaka, nyeupe ilisoma 280 na nyeusi 70. Hiyo ni 4 kwa 1. Tulipozima taa za mbele pekee, nyeupe ilisoma 224 na nyeusi 14, yaani 16 kwa 1. Kiwango cha mwaka 2011 kinachojulikana kama ANSI/INFOCOMM 3M-2011 kilitaka angalau 15 kwa 1 pale watazamaji wanaposoma taarifa na kuifanyia uamuzi, na darasa ni mahali pa namna hiyo.

Tazama pia kitu ambacho hesabu hizi zinafundisha. Projekta ilikuwa kwenye hali ya `Eco`, ambayo hupunguza mwanga wa taa. Kuna kishawishi cha kuomba iwekwe `Normal` na kuishia hapo. Lakini hata mwanga wa projekta ukipanda kwa theluthi moja huku taa za mbele zikiwaka, nyeupe itafika 350 dhidi ya nyeusi ile ile ya 70, ambayo ni 5 kwa 1. Kuzima taa za mbele kunaleta uwiano wa zaidi ya mara tatu ya huo. Tatizo ni kwamba swichi moja inawasha taa zote za maabara, na kuzima zote kunawaacha wanafunzi gizani na madaftari yao. Kwa hiyo ombi sahihi ni swichi ya peke yake kwa taa za mbele.

Piga picha mbili ukiwa umeketi kiti cha mwisho, bila kuvuta lenzi ya simu: moja ya slaidi ya kupimia, nyingine ya ubao wenye maandishi ya mkono. Mistari ya rangi inayotokea kwenye picha ya simu mara nyingi husababishwa na simu na projekta kutokwenda sambamba; usiitaje kama hitilafu.

Hatua ya tano: andika

Elekeza barua kwa mwenye mamlaka ya kuidhinisha, ipitie kwa mkuu wako wa idara, na nakala iende kwa anayesimamia vifaa. Iwe ukurasa mmoja na nusu kwa wingi. Hii ndiyo ya mfano wetu:

> (Anwani ya shule)
> (Tarehe)
>
> Mkuu wa Shule,
> (Jina la shule)
>
> K.K. Mkuu wa Idara ya Sayansi
>
> Ndugu Mkuu wa Shule,
>
> YAH: OMBI LA KUPANGWA UPYA KWA PROJEKTA YA MAABARA YA KEMIA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Projekta ya maabara ya kemia inawaka na kutoa picha, lakini maandishi ya slaidi hayasomeki kutoka safu ya mwisho, iliyo mita 8 kutoka kwenye skrini. Katika jaribio nililofanya, wanafunzi wote 6 wa safu hiyo walisoma maandishi ya sentimita 3 niliyoyaandika ubaoni, na 2 tu walisoma maandishi ya slaidi ya karibu urefu huo. Wanaopata shida zaidi ni wanaosoma fomula zenye namba ndogo.
>
> Nimekagua kompyuta yangu na slaidi zangu. Yaliyobaki yamo kwenye mipangilio ya projekta na vifaa vilivyounganishwa nayo, ambavyo sina ruhusa ya kuvibadilisha. Nimebaini mambo matatu:
>
> 1. Projekta ni ya pikseli 1280×800, lakini kupitia tundu la ukutani inapokea 1024×768. Ikiunganishwa moja kwa moja kwa kebo, inapokea 1280×800. Inaonekana splita iliyo ndani ya kabati ndiyo inayozuia. Matokeo yake, slaidi ina upana wa sentimita 167 kwenye skrini ya sentimita 200.
>
> 2. Fremu ya picha imenyooka ilhali projekta imeinama, ishara kwamba `Keystone` imetumika. Herufi ndogo zina ukungu ingawa pikseli zenyewe ziko wazi.
>
> 3. Taa za mbele zinamulika skrini na zinatumia swichi moja na taa nyingine zote. Zikizimwa, tofauti kati ya nyeupe na nyeusi inapanda kutoka 4 kwa 1 hadi 16 kwa 1.
>
> Kwa hiyo naomba yafuatayo yafanywe na mhusika wa vifaa:
>
> A. Yasiyohitaji ununuzi: splita iondolewe au ipitwe, `Aspect` iwekwe `Auto`, projekta inyooshwe kwenye mkono wake na `Keystone` irudishwe 0, hali ya taa iwekwe `Normal`, filta ya hewa isafishwe, na saa za taa zisomwe kwenye menyu na kuandikwa.
>
> B. Yanayohitaji idhini ya matumizi: fundi umeme atenganishe swichi ya taa za mbele, na splita mpya inayopitisha 1280×800 inunuliwe, endapo kioo cha mezani bado kinahitajika.
>
> Sehemu A inaweza kufanyika bila kusubiri sehemu B.
>
> Naomba kazi ihesabiwe imekamilika pale slaidi ya kupimia niliyoiambatisha itakapoonyeshwa kwa kompyuta ya mwalimu kupitia tundu la ukutani, taa za wanafunzi zikiwaka, na mstari wa pointi 28 usomeke wote, pamoja na namba ndogo, kutoka safu ya mwisho. Kwa upande wangu nitaandaa slaidi zote kwa pointi 28 au zaidi, maandishi meusi juu ya nyeupe.
>
> Nipo tayari kukutana na fundi maabara muda wowote baada ya vipindi.
>
> Wako katika kazi,
>
> (Saini na jina)
> Mwalimu wa Kemia
>
> Viambatisho: slaidi ya kupimia, picha mbili kutoka kiti cha mwisho.
> Nakala: Msimamizi wa Vifaa

Maneno machache kuhusu kwa nini imeandikwa hivyo.

Sentensi ya kwanza inakiri kwamba projekta inawaka. Bila hiyo, msomaji atadhani unaomba projekta mpya na barua itaingia kwenye foleni ya ununuzi, mahali ambapo maombi hukaa muda mrefu sana. Mgawanyo wa A na B una kazi hiyo hiyo. Mkuu wa shule anaweza kusaini A leo, kwa kuwa haigusi bajeti, na B akaipeleka kwenye kikao.

Aya ya kukamilika kwa kazi ndiyo ninayowasihi walimu wasiiache. Isipokuwepo, fundi ataunganisha kompyuta yake mwenyewe, kwa kebo yake mwenyewe, na kuona picha nzuri. Masharti matatu yaliyotajwa pale, yaani kompyuta ya mwalimu, tundu la ukutani na taa za wanafunzi zikiwaka, ndiyo hali halisi ya kipindi.

Pointi 28 nazo hazikuokotwa. Slaidi ya PowerPoint ya 16:9 ina urefu wa pointi 540, na herufi kubwa huchukua karibu asilimia 70 ya ukubwa wa fonti. Slaidi ikiwa na urefu wa sentimita 112 ukutani, H ya pointi 24 inakuwa na sentimita 3.5, na ya pointi 28 inavuka kidogo sentimita 4, ambayo ndiyo kanuni yetu kwa mita 8. Marekebisho peke yake yasingefikisha pointi 24 pale. Ni haki kuliandika hilo kama ahadi ya mwalimu, kwa sababu mwalimu anayebana aya nzima kwa pointi 18 hataokolewa na projekta yoyote.

Barua haimlaumu mtu. Haisemi nani aliifunga splita wala nani aliinamisha projekta. Pengine kioo cha mezani kilihitajika wakati huo na splita ilikuwa jibu sahihi.

Hatua ya sita: siku fundi atakapokuja

Uwepo. Fika na kompyuta yako na slaidi ya kupimia. Mwombe aanze na kuunyoosha mkono wa projekta, kwa sababu picha itahama, na hakuna maana ya kulenga lenzi kabla ya hapo. Ikishatulia, `Keystone` iwe 0, kisha ukubwa wa picha urekebishwe kwa pete ya lenzi, kisha ukali. Projekta nyingine zina kitasa cha kusogeza lenzi juu na chini. Hicho kinahamisha picha bila kuiharibu, tofauti na `Keystone`, na kinafaa kutumika kwanza.

Akishasafisha filta, tazama saa za taa pamoja. Taa za projekta za kawaida hupoteza karibu nusu ya mwanga wake kufikia mwisho wa muda uliotajwa na mtengenezaji. Kama saa zimekaribia hapo, mwombe aliandike hilo kwenye ripoti yake ili ombi la taa mpya litoke kwake, maana lina uzito zaidi likitoka kwa fundi kuliko kwa mwalimu.

Kisha kaeni wote wawili kwenye dawati la mwisho msome mstari wa pointi 28.

Ukisomeka, pigeni picha kurasa za menyu zenye thamani za `Aspect`, `Keystone` na hali ya taa, na ukurasa wa taarifa unaoonyesha kipimo kinachopokelewa. Picha hizo zibandikwe ndani ya mlango wa kabati. Siku mtu akibonyeza `Reset All` kwa bahati mbaya, au kebo ikichomekwa tena kwenye splita ya zamani, atakayeitwa atakuwa na cha kufuata. Barua yako ya pili, kama itahitajika, itakuwa na mistari miwili tu: thamani zilizobandikwa ni hizi, zilizopo sasa ni hizi, naomba zirudishwe.